Shajara ya mradi: Kuiburuta Uswidi mpaka juu ya Tanzania

Jumatatu

Mradi wenyewe ni huu. Kuna ofisi ya safari hapa Arusha wanataka ramani kwenye tovuti yao, mgeni akiingia anachagua nchi anayotoka, anaishika kwa kidole na kuiburuta mpaka juu ya Tanzania, aone mwenyewe nchi anayokuja ina ukubwa gani kabla hajaanza kuuliza kama asubuhi anaweza kuwa Serengeti na jioni hiyohiyo akalala Ruaha kwa gari.

Leo nimeweka ramani ya kawaida tu, kwa Leaflet, programu ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, na vigae vya OpenStreetMap, yaani vipande vya picha vinavyopangwa pamoja kuwa ramani, nikapakia mipaka ya nchi zote kwenye faili la GeoJSON, Tanzania nikaipaka kijani na Uswidi njano, maana wageni wa kwanza walionitajia ni wa Uswidi. Mzee mmoja dereva pale ofisini, kaendesha watalii miaka mingi, akaja kusimama nyuma ya kiti changu akaangalia kimya, halafu akasema, "Kijana, hii haiko sawa. Hawa Waswidi nawabeba kila mwaka, wenyewe wanasema kwao ni nchi ya kawaida tu. Hapa mbona kubwa kuliko kwetu, tena mara mbili?"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, umeona vizuri kabisa, kwenye skrini ni mara mbili."

Na ndivyo ilivyo. Tanzania ukihesabu na maziwa yake ina kilomita za mraba kama 945,000, Uswidi ina kama 450,000. Sisi ndio mara mbili yao na chenji inabaki, lakini ramani imegeuza kibao, wao ndio wamekuwa mara mbili yetu. Hili nililijua kwa juu juu kama watu wengi, kwamba ramani za mtandaoni "zinavimbisha" nchi za kaskazini, ila kujua kwa juu juu hakutoshi kama unataka kujenga kitu ambacho mgeni atakiburuta kwa kidole, inabidi ujue imevimba kiasi gani, na wapi, na kwa sababu gani.

Jumanne

Nimekaa na mdogo wangu nyumbani Sakina tukafanya jaribio kwa mpira wake wa miguu, namba 5, na uzi wa kushonea. Naliandika hapa lote kwa sababu ndilo lililonifungua akili, fomula nilikuwa nazo toka zamani lakini zilikuwa hazijaniingia.

Tukazungusha uzi tumboni mwa mpira, hiyo ndiyo ikweta yetu. Uzi ukapima sentimita 69. Robo ya hiyo, yaani sentimita 17 na robo, ndiyo safari ya kutoka tumboni kwenda kileleni, nayo ni digrii 90. Kwa hiyo digrii 60 ni theluthi mbili ya safari, sentimita 11 na nusu kutoka tumboni. Tukaweka alama hapo kwa peni kuzunguka mpira mzima, tukazungusha uzi tena kwenye alama. Ukatoka sentimita 34 na kitu, mdogo wangu akarudia mara mbili akidhani kakosea.

Hajakosea, ni nusu. Ukiwa latitudo ya 60 duara la kuzunguka dunia ni nusu kamili ya ikweta, maana kosaini ya 60 ni 0.5. Na Arusha yetu hii, digrii kama 3 na nusu kusini, kwenye mpira ule iko chini ya sentimita moja kutoka tumboni, ukizungusha uzi hapo unapata karibu 69 ileile, macho hayaoni tofauti.

Sasa kata nyuzi zote mbili uzilaze mezani. Moja ndefu, moja nusu yake. Ramani ya wavuti ni mraba, kingo zake za kushoto na kulia zimesimama wima kuanzia chini mpaka juu, maana yake kila mstari wa latitudo lazima uwe na urefu uleule wa ikweta. Uzi wa sentimita 34 na nusu unalazimishwa ufike 69. Unavutwa mara mbili. Hapo kila kitu kilichoko latitudo ya 60 kimeshanenepa mara mbili kutoka mashariki kwenda magharibi.

Mdogo wangu akauliza swali zuri sana: "Sasa kaka, kama imevutwa kwa upana tu, si ingekuwa fupi na nene? Mbona Uswidi haijanenepa, umbo lake ni lilelile?"

Ndio penyewe. Kwa sababu aliyeibuni projeksheni hii, yaani njia hii ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, Gerardus Mercator, mwaka 1569, alikuwa anawatengenezea mabaharia, na baharia anataka akipiga mstari kwa rula kutoka bandari hii kwenda ile, pembe anayoiona kwenye karatasi iwe ndiyo pembe ya dira yake njia nzima. Ukivuta upana peke yake pembe zote zinaharibika, kona ya digrii 45 haibaki 45. Dawa yake ni kuvuta na urefu pia, kaskazini kusini, kwa kiasi kilekile ulichovuta upana mahali hapo. Pembe zinapona. Umbo la kitu kidogo linapona. Anayelipa gharama ni eneo, kwa sababu ukivuta mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu umepata mara nne.

Kwa hiyo kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68, kikiwa karibu na Helsinki ambako ni latitudo ya 60 hivi, kwenye ramani kinachukua nafasi ya viwanja vinne vya aina hiyo vilivyoko Arusha. Ni kiwanja kilekile na nyasi zilezile.

Jumatano

Leo kazi ya namba. Kwa anayefuatilia huu mradi, hii ndiyo fomula yenyewe ambayo karibu ramani zote za wavuti zinatumia, jina lake Web Mercator na namba yake ni `EPSG:3857`:

```
x = R * λ
y = R * ln(tan(π/4 + φ/2))
R = 6378137
```

λ ni longitudo na φ ni latitudo, zote kwa radiani. Angalia x ilivyo rahisi, longitudo mara namba moja, basi, haijali uko latitudo gani, hapo ndipo nyuzi zote zinapolazimishwa kuwa sawa. Hiyo y ndiyo inayofanya kazi ya kufidia urefu. Kiasi cha kuvutwa popote pale ni 1 gawanya kwa kosaini ya latitudo, na eneo ni hicho kiasi mara chenyewe.

Nikataka nione kwa data halisi badala ya mpira, nikaingiza mipaka kwenye PostGIS, hifadhidata inayojua kupima ramani, nikapima kila nchi mara mbili, mara ya kwanza kama ilivyo kwenye karatasi ya ramani, mara ya pili kwenye dunia yenyewe:

```sql
SELECT name,
  ST_Area(ST_Transform(geom, 3857)) / 1e6 AS ramani,
  ST_Area(geom::geography) / 1e6 AS dunia
FROM nchi WHERE name IN ('Tanzania','Sweden');
```

Tanzania imezidi kwa asilimia mbili hivi tu. Uswidi imetoka zaidi ya milioni 2 kwenye safu ya ramani, na 450,000 hivi kwenye safu ya dunia. Mzee dereva aliona kwa macho kile ambacho kompyuta imekuja kukithibitisha.

Hapa kuna jambo nataka nilikazie kwa sababu nimeliona likiwauma watu wanaofanya kazi za kupima mashamba huku kwetu. Ukichora shamba la kahawa la pale Moshi kwenye ramani hii, ukaliacha kwenye 3857 na ukapima eneo moja kwa moja, unapata jibu ambalo limezidi kwa asilimia moja hivi. Shamba la ekari 10 halisogei hata robo ekari. Kwa hiyo unaona kodi yako, yaani maandishi ya programu, ni nzuri, unaijaribu Moshi, unaijaribu Arusha, unaijaribu Babati, yote inakubali, na unaamini imepona. Haijapona. Ni kwamba tuko jirani na ikweta na kosa limelala. Siku mtu wa kaskazini akiichukua kodi hiyohiyo akapimia shamba lake la huko Norwei, latitudo ya 60, ataambiwa ana ekari 40 wakati ana 10. Jaribio la kodi ya kupima eneo lisifanyike nyumbani peke yake, weka hata sehemu moja ya mbali sana na ikweta, kosa litajitokeza palepale.

Kitu kingine cha kuona kwa macho bila hesabu yoyote: weka mstari wa skeli kwenye Leaflet, kaa zumu ya 5 ukiwa Arusha, halafu usiguse zumu, buruta ramani tu mpaka katikati ya Uswidi. Mimi Arusha umeniandikia km 300 kwa mstari wa pikseli 61 hivi, Uswidi umeniandikia km 200 na mstari umerefuka mpaka pikseli 87. Skeli ya ramani imebadilika na mimi sijabadilisha chochote zaidi ya kupanda kaskazini. Ramani ya ukutani yenye skeli moja imeandikwa pembeni kwa dunia nzima, kama ni ya Mercator, hiyo skeli ni kweli kwa latitudo moja tu.

Alhamisi

Siku ngumu. Nilianza kuandika kodi ya kuburuta na nimejifunza kwamba kuna njia mbili za kukosea na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Ya kwanza ni kuhamisha kwa pikseli. Unachukua kila pointi ya mpaka, unaongeza x kadhaa na y kadhaa, nchi inashuka. Ukifanya hivyo Uswidi inashuka na uvimbe wake wote, inatua juu ya Tanzania ikiwa kubwa ileile, inaifunika. Hiyo inaonekana mara moja kuwa si sawa.

Ya pili ndiyo nilidumu nayo mpaka saa nane mchana. Nikasema basi nihamishe kwa digrii, kila pointi nitoe digrii 68 za latitudo ili katikati ya Uswidi itoke 62 kaskazini ije 6 kusini, na longitudo nazo nisogeze, ramani itajichorea yenyewe kwa fomula yake. Nikajaribu. Uswidi ikashuka na ikapungua kweli, ikakaa juu ya Tanzania ikiwa inalingana nayo karibu sawa kwa ukubwa. Nikaiona inapendeza nikataka kutuma picha ofisini.

Kilichonizuia ni umbo. Uswidi ni nchi ndefu na nyembamba, lakini ile iliyokuwa kwenye skrini yangu ilikuwa na kiuno kipana. Nikaukumbuka uzi wa mdogo wangu. Digrii moja ya longitudo kule 62 ni kama kilomita 52, ikifika kwetu ni kilomita 111. Mimi nimebeba digrii nikidhani nimebeba kilomita. Urefu wa kaskazini kusini ulikuwa sawa, maana digrii ya latitudo inabaki karibu kilomita 111 popote, lakini upana umeongezeka mara mbili na zaidi. Na 450,000 ukiizidisha mara mbili na kidogo unafika palepale kwenye ukubwa wa Tanzania. Kosa limetoa jibu linalofanana na ukweli, kwa sababu mtu anategemea ipungue, na imepungua, hana sababu ya kushuku.

Toka hapo nimeweka sharti kwenye kodi: pima eneo kwa `turf.area`, ya maktaba ya Turf, kabla ya kuhamisha na baada ya kuhamisha, zikitofautiana kwa kiasi cha kuonekana isichore. `turf.area` inapima juu ya tufe, haidanganywi na projeksheni.

Ijumaa

Imekubali. Njia sahihi ni kuisahau ramani kabisa na kuhamisha nchi juu ya mpira wenyewe, kama unavyotelezesha kipande cha plasta juu ya mpira bila kukivuta. Chagua pointi moja katikati ya nchi. Kwa kila pointi ya mpaka jiulize, iko kilomita ngapi kutoka katikati, na iko upande gani wa dira. Halafu simama kwenye katikati mpya, kwetu nimeweka karibu na Dodoma, tembea kilomita zilezile kwa upande uleule, weka pointi.

```js
const d = turf.distance(kati, p);
const b = turf.bearing(kati, p);
const q = turf.destination(katiMpya, d, b);
```

Mistari mitatu tu. Ukifanya kwa pointi zote nchi inakuwa imezungushwa kama kitu kigumu juu ya tufe, eneo lake halibadiliki hata kidogo, na sharti langu la jana limepita.

Nimekaa nikaiburuta polepole mara nyingi nikiangalia inavyokuwa, kwa sababu humo ndimo projeksheni inajionyesha. Ikiwa kule juu, kichwa cha Uswidi kiko latitudo ya 69 ambako kila kitu kimevutwa karibu mara 2.8, na miguu yake iko 55 ambako ni mara 1.7 na kitu. Kwa hiyo hata ndani ya nchi moja haikuvimba sawa, kichwa kimevimba zaidi. Ukianza kuishusha, kichwa ndicho kinachosinyaa haraka kuliko miguu, nchi inakuwa kama inajinyoosha na kupungua bega. Ikifika Misri imeshapungua sana, na kuanzia Sudan kuja kwetu karibu haibadiliki tena, unaiburuta tu imetulia. Kosaini iko hivyo, karibu na ikweta inashuka taratibu mno, ikishapita 50 inaporomoka.

Na hapa kuna kitu kilichonifurahisha kwa sababu sikukitegemea: Uswidi ikikaa sawasawa katikati ya Tanzania, kwa urefu inatuzidi. Kutoka ncha hadi ncha ina kilomita kama 1,500, sisi kaskazini mpaka kusini hatufiki 1,200. Kichwa chake kinavuka mpaka wetu wa kaskazini kinafika ikweta, miguu inaingia Msumbiji. Lakini upana wake haufiki hata nusu ya njia kutoka Ziwa Tanganyika mpaka bahari. Huo ndio ukweli wote, na ramani ya kwanza ilikuwa imeuficha wote, ule unaotupendelea na ule usiotupendelea.

Nikajaribu na kinyume chake, kuipandisha Tanzania mpaka Skandinavia. Inavimba hadi inafunika sehemu kubwa ya Uswidi na Norwei na sehemu ya Ufini kwa pamoja, na inaharibika umbo, upande wa Mara na Kagera unapanuka, upande wa Ruvuma na Mtwara unabaki mwembamba. Niliandika Jumanne kwamba Mercator inalinda umbo, sasa naongezea mpaka wake: inalinda umbo la kitu kidogo, mtaa, mji, kiwanja. Nchi yenye digrii kumi za latitudo haina skeli moja, kila mstari una yake, basi umbo lake kwa ujumla linapinda.

Jumamosi

Dada wa masoko pale ofisini kaniuliza, kwa nini basi wasiitupe hii projeksheni, na kama si njama ya kutudogosha. Hili swali ni la haki na nimelichukua kwa uzito. Jibu langu kwa ramani za wavuti ni kwamba sababu iko mtaani. Fungua ramani ya katikati ya mji, vuta mpaka uone Mnara wa Saa na barabara zinavyokutana pale. Kona zote ziko kama zilivyo ukiwa umesimama mzungukoni, kaskazini iko juu, na mtu wa Tromsø kule latitudo ya karibu 70 akifungua mtaa wake naye kona zake ziko sawa, kwa vigae vilevile na fomula ileile. Ukitumia projeksheni ya silinda inayolinda eneo, mitaa ya Tromsø ingebanwa kama imekanyagwa. Vilevile dunia nzima inaingia kwenye mraba mmoja wa pikseli 256, ukizumu mara moja unagawanyika vinne, ukizumu tena vinne vyake vinne. Kwa ajili ya mraba huo ramani imekatwa latitudo ya 85.05 kaskazini na kusini, maana ncha yenyewe kwa fomula hii haipo, y yake haina mwisho.

Kwa kutafuta njia ya kwenda Njiro ni projeksheni nzuri. Kwa kulinganisha nchi na nchi haifai, na kuitumia kufundishia watoto ukubwa wa dunia mimi naona ni kosa kubwa, hata kama aliyeiweka hakukusudia. Mtoto anayeona Greenland kubwa kuliko Kongo kila siku ataamini hivyo, wakati Kongo ya Kinshasa ina kilomita za mraba milioni 2.34 na Greenland milioni 2.17.

Kwa hiyo nimegawanya ukurasa. Sehemu ya kwanza, dunia nzima, nimechora kwa D3, maktaba ya kuchorea data kwenye wavuti, na `d3.geoEqualEarth()`, projeksheni iliyotoka mwaka 2018 ambayo inalinda eneo kila mahali, kilomita ya mraba ya Uswidi na ya Tanzania zinachukua nafasi sawa kwenye skrini. Gharama yake ni kwamba nchi za pembeni juu zinalala upande, mistari ya longitudo inapinda. Ukishachagua nchi yako ndio unaingia sehemu ya pili, ile ya kuburuta, ambayo nimeiacha kwenye Web Mercator kwa sababu wageni wanataka kuona barabara na hifadhi chini yake, na kwa sababu hapa petu kosa lake ni asilimia mbili hivi, unachokiona ndicho kilichopo.

Mzee dereva kaja leo kaburuta mwenyewe. Kaishusha Uswidi taratibu, kaisimamisha, akapima kwa kidole kutoka Arusha mpaka Dar ambako kwa gari ni zaidi ya kilomita 600 na anaijua kila kona yake, akalinganisha na upana wa Uswidi, akasema, "Sasa hii nakubali." Akaomba na ya Waholanzi.

Zilizobaki. Urusi inanisumbua, kwenye faili langu imekatwa vipande viwili kwenye longitudo ya 180, ncha yake ya mashariki iko upande wa pili wa ramani kabisa, kwa hiyo katikati inayohesabiwa kwa wastani wa pointi inaangukia pabaya na nchi inatua mbali na kidole. Uzuri ni kwamba vipande vyenyewe vikihamishwa vinarudi kushikana, kinabaki kimstari cha mshono tu. Katikati yake nitaiandika kwa mkono, na mstari wa mpaka nitauondoa nibakishe rangi.

Jumatatu naanza na hilo.